Baiti Tatu Zinazoificha Safu ya Kwanza

Karani wa shule ana orodha ya wanafunzi kwenye Excel, yenye safu tatu: namba, jina na darasa. Anaihifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, kisha anaipakia kwenye mfumo wa matokeo. Mfumo unamjibu kwamba safu ya "namba" haipo. Anafungua faili na kuikuta namba hiyo hapo, herufi tano, haina kasoro. Anafuta neno, analiandika upya, anahifadhi, anapakia tena. Jibu ni lile lile.

Kosa haliko kwenye neno. Kabla ya ile "n" ya kwanza kuna baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, zilizowekwa na Excel yenyewe. Hiyo ndiyo alama ya mpangilio wa baiti, kwa kifupi BOM. Kazi yake ya asili iko kwenye UTF-16, ambamo msomaji lazima ajue ni baiti ipi inayotangulia katika kila jozi. UTF-8 haina utata huo, hivyo humo alama hubaki kuwa kitambulisho tu cha kusema maandishi haya ni UTF-8. Excel ikifungua faili huisoma alama na kuimeza, haiingizi kwenye seli yoyote. Ukihifadhi kwa aina ya "CSV UTF-8 (Comma delimited)" huiandika upya. Karani angeweza kulifuta neno lile mpaka jioni.

Mfumo usiotarajia alama huichukua kama sehemu ya jina la safu. Ukiuomba mfumo wa Python uorodheshe majina ya safu, utaona hivi:

```
['\ufeffnamba', 'jina', 'darasa']
```

Dalili ya kutegemea ni hiyo: safu ya kwanza peke yake ndiyo inayokataa, nyingine zote ziko sawa. Wakati mwingine alama hujitokeza yenyewe kama ï»¿ mbele ya neno, pale programu inaposoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Windows.

Kwa asiyeandika programu, Notepad inatosha. Fungua faili kwa Notepad, si kwa Excel, na uangalie chini kulia. Ukiona "UTF-8 with BOM", nenda "Save as", kwenye "Encoding" chagua "UTF-8", hifadhi kwa jina jingine, kisha pakia faili hiyo bila kuipitisha tena Excel. Ila kwenye Windows za kabla ya toleo la 1903 la Windows 10, lililotoka 2019, chaguo la "UTF-8" lenyewe ndilo linaloweka alama, na la kuiondoa halipo.

Mwenye kuutunza mfumo ana dawa bora zaidi, kwa sababu haimtegemei karani kukumbuka lolote. Kwenye Python ni kubadili neno moja:

```python
open("wanafunzi.csv", encoding="utf-8-sig", newline="")
```

Kwa "utf-8-sig" alama ikiwepo huondolewa, isipokuwepo faili husomwa kama kawaida. Usitegemee `strip()`: hiyo hufuta nafasi, na kwa Python alama hii si nafasi. Tena hiyo "utf-8-sig" huangalia mwanzo wa faili tu. Ukiunganisha orodha za madarasa manne kwa kuzibandika moja chini ya nyingine, alama za faili tatu za mwisho zitabaki katikati ya data, kwa hiyo ziondoe kabla ya kuunganisha.

Sasa, je, alama hii ni uchafu mtupu? Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo, hivyo faili zetu nyingi zingesomeka salama bila alama yoyote. Lakini tuna ng'. Jina kama Ng'ang'a likinakiliwa kutoka Word mara nyingi huja na kile kistari kilichopinda, ambacho katika UTF-8 ni baiti tatu. Ondoa alama, kisha bofya faili ifunguke kwa Excel ya Windows, na mwanafunzi atasomeka Ngâ€™angâ€™a. Data haijaharibika bado. Excel imekosa kitambulisho ikakisia usimbaji wa zamani. Itaharibika karani akiihifadhi hapo hapo kwa aina ya "CSV UTF-8 (Comma delimited)".

Kuikwepa alama kwa kuchagua "CSV (Comma delimited)" ya kawaida nako si suluhisho. Alama haitakuwepo, lakini kistari kile kitaandikwa kwa baiti moja ya usimbaji wa zamani, na mfumo unaosubiri UTF-8 utaikataa faili au utaonyesha alama ngeni ndani ya jina.

Kwa hiyo weka nakala mbili: yenye alama kwa watakaoifungua kwa Excel, isiyo na alama kwa mfumo. Na kama mfumo ni wako, ufundishe kuzipokea zote mbili.