Barua Pepe Inayoweza Kudhuru: Makosa Matano Katika Rasimu Moja ya Mwaliko wa Chanjo

Tangu mwaka 2018, Tanzania imekuwa ikiwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika, na dozi moja ikaanza kutolewa kwa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Wengi wa wasichana hao wako shuleni, hivyo mhudumu wa afya hulazimika kwanza kumwandikia mwalimu mkuu. Rasimu ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala hii, lakini sentensi zake si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kupokea barua za namna hiyo.

«YAH: TAARIFA MUHIMU SANA. Husika na somo la hapo juu. Kituo chetu ni miongoni mwa vituo vinavyoongoza kwa huduma bora, chenye wataalamu waliobobea na vifaa vya kisasa. Katika kutekeleza dhamira yake, kituo kitaendesha chanjo ya HPV, ambayo inazuia kabisa saratani ya mlango wa kizazi na haina madhara yoyote. Tunaomba ushirikiano wenu. Aidha, mtutumie kwa barua pepe orodha ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, ikionyesha majina, tarehe za kuzaliwa na wale wenye maambukizi ya VVU. Kwa maelezo zaidi, fika kituoni.»

Mhariri wa haraka angeanza kusahihisha lugha. Hata hivyo, makosa ya barua ya afya hayana uzito sawa. Yapo yanayoifanya barua isisomwe, na hasara yake ni nafasi iliyopotea. Yapo pia yanayodhuru pale ambapo barua imesomwa na kutekelezwa kwa utii. Haya ya pili ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Kosa la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni ombi la kutajiwa wenye VVU. Mwandishi hakulitunga kwa nia mbaya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wenye VVU wapate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, kwa kuwa dozi moja huenda isiwatoshe. Sababu ya kitabibu ipo, lakini njia iliyochaguliwa ni ya hatari. Mwalimu mtiifu ataanza kuulizauliza darasani, au kuandika anachokisikia kwa majirani. Orodha itabaki katika kompyuta ya ofisi na katika visanduku vya barua vya watu kadhaa, na huenda mtoto mwenyewe hajaambiwa hali yake. Usiri wa taarifa hizo unalindwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI. Tiba ya kosa hili ni kulifuta ombi lote na kuwaambia wazazi wote, bila kumtenga yeyote, kwamba mwenye mtoto anayetumia dawa za muda mrefu au anayehudhuria kliniki yoyote azungumze faraghani na muuguzi kabla ya siku ya chanjo.

Kosa la pili ni maneno mawili: «kabisa» na «yoyote». Virusi vya HPV vina aina nyingi. Aina ya 16 na ya 18 pekee husababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo huzikinga hizo vizuri, lakini haikingi kila aina, wala haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Msichana aliyechanjwa atahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi atakapokuwa mtu mzima. Akiamini kwamba amekingwa «kabisa», huenda asirudi. Kuhusu madhara, maumivu na uvimbe mahali pa sindano ni jambo la kawaida, na wasichana wa rika hilo wakati mwingine huzirai baada ya kuchomwa. Ndiyo maana hukalishwa na kuangaliwa kwa dakika 15. Mmoja akizirai shuleni baada ya barua kuahidi kwamba hakuna madhara yoyote, kituo kitakuwa kimeonekana kusema uongo, na watakaokuja nyuma yake kwenye foleni wataondoka.

Kosa la tatu ni kunyamazia swali ambalo mzazi atamuuliza mwalimu jioni hiyohiyo: kwa nini wasichana pekee, tena wadogo hivi, na je, sindano hii haiharibu uzazi? Rasimu inamwacha mwalimu bila jibu, na pengo hilo hujazwa na uvumi. Sentensi tatu zingetosha. Walengwa ni wasichana kwa sababu wao ndio wanaopatwa na saratani hii. Umri huu umechaguliwa kwa sababu chanjo hukinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi. Chanjo haina virusi hai, na tafiti hazijaonyesha kwamba inaharibu uzazi. Uvumi wenyewe hauna haja ya kunukuliwa, kwani kuurudia kunaweza kuufikisha kwa ambaye hakuwa ameusikia.

Kosa la nne ni neno «ushirikiano». Mwalimu mkuu hawezi kulitekeleza. Je, atoe chumba, aite wazazi, asimamishe vipindi, au aseme tu kwamba amekubali? Asiyejua la kufanya huiweka barua kando hadi atakapopata nafasi. Ombi linalotekelezeka lina kitendo kimoja, siku yake na mtu wa kujibiwa.

Kosa la tano ni mwanzo. «Taarifa muhimu sana» haimwambii mpokeaji kitu chochote, na sentensi zinazofuata zinamsifu mwandishi. Kwenye simu, mwalimu ataona mada na mstari mmoja au miwili tu, kisha ataamua kama ataendelea. Hapo ndipo chanjo, shule na siku vinapopaswa kuonekana.

Baada ya masahihisho, barua inakuwa fupi na nyepesi kutimizwa:

«YAH: Chanjo ya HPV shuleni kwenu, Jumatano tarehe 14 Mei. Mwalimu Mkuu, tunaomba kuja shuleni siku hiyo saa 3:00 asubuhi kuwachanja bila malipo wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo huwakinga na virusi vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, na hukinga vizuri zaidi ikitolewa mapema. Baadhi watapata maumivu ya mkono, na wachache huenda wakazirai, hivyo tutawaangalia kwa dakika 15. Tunaomba utujulishe kabla ya Ijumaa tarehe 2 Mei kama siku hiyo inafaa. Ukikubali, muuguzi wetu atakuja kuzungumza na wazazi na kujibu maswali yao. Mzazi mwenye jambo la kiafya kuhusu mtoto wake anaweza kumpigia muuguzi moja kwa moja kwa namba iliyo hapa chini. Tafadhali msitutumie taarifa zozote za afya za wanafunzi.»

Sentensi ya mwisho huonekana ya ziada hadi ikumbukwe kwamba walimu wengine hutuma orodha kwa hiari yao wakidhani wanasaidia. Rasimu ya kwanza ingeweza kusahihishwa lugha yote na bado ikabaki na ombi lililo baya kuliko yote, kwa sababu sentensi iliyolibeba haina kosa la sarufi. Kosa hilo huonekana tu pale msomaji wa rasimu anapokaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kufuata, hatua kwa hatua, kila alichoagizwa.