Masaa 18 kwenye karatasi, masaa 9 darasani: namna mwalimu wa sekondari anavyopanga masomo ya periodi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, walimu wa sekondari mashariki mwa Kongo wanatakiwa kumpelekea prefe wa masomo karatasi wanayoiita previzio. Ni jedwali la mistari na nguzo. Linaonyesha juma, somo litakalofundishwa, lengo lake, mbinu ya kulifundisha, na namna ya kupima kama wanafunzi wameelewa. Prefe anatia sahihi, na inspekta akifika ndiyo karatasi ya kwanza anayoiomba, pamoja na jurnali ya darasa na daftari la pointi.

Katika shule nyingi karatasi hiyo inanakiliwa kutoka ile ya mwaka uliopita, ikibadilishwa tarehe tu. Matokeo yake yanaonekana mwezi wa kwanza, mtihani wa semestri unapokaribia. Mwalimu anakuta sura mbili hazijaguswa, anazipitisha haraka kwa siku tatu, na wanafunzi wanaingia mtihanini wakiwa wameandika sana bila kuelewa.

Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye hesabu ya masaa. Tuchukue mfano wa kemia katika darasa la sayansi lenye masaa mawili kwa juma, siku ya pili na siku ya tano, kila saa ikiwa na dakika 50. Tuseme periodi ya pili inaanza tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2025, na mtihani wa semestri unaanza tarehe 26 mwezi wa kwanza 2026. Ukitoa majuma mawili ya Noeli na mwaka mpya, yanabaki majuma tisa: sita kabla ya sikukuu na matatu baadaye.

Majuma tisa mara masaa mawili ni masaa 18. Hapo ndipo wengi wanasimama na kugawa sura za kitabu katika masaa 18. Lakini tarehe 16 mwezi wa kwanza, siku ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, inaangukia siku ya tano, kwa hiyo yanabaki 17. Intero mbili zinakula masaa mawili, na kuzisahihisha pamoja na wanafunzi kunakula mengine mawili: yanabaki 13. Juma la mwisho ni la marudio kabla ya mtihani: yanabaki 11. Baada ya likizo ya Noeli inafaa saa moja ya kukumbushana: yanabaki 10. Na saa moja inawekwa akiba, kwa ajili ya mvua kubwa inayochelewesha darasa, mkutano wa walimu au somo lililokataa kueleweka.

Yanabaki masaa tisa ya kufundisha mambo mapya, nusu ya yale yaliyohesabiwa mwanzoni.

Masomo yanayoshikana kama mnyororo

Ukishajua una masaa tisa, unachagua ni nini kitaingia humo na kwa mpango gani. Katika kemia mpango huo hauwezi kupinduliwa. Mwanafunzi asiyejua valensi hawezi kuandika formula. Asiyejua formula hawezi kuandika ekwasio, na asiyejua kusawazisha ekwasio atakosa kila hesabu ya kiasi, hata kama anajua kuzidisha na kugawa.

Kwa mfano wetu mgawanyo unaweza kuwa hivi. Saa moja ya kukumbusha valensi na formula, na saa moja ya kugeuza sentensi kuwa ekwasio. Masaa matatu ya kusawazisha. Masaa mawili ya moli na uzito wake, na masaa mawili ya kutafuta kiasi kwa kutumia ekwasio. Jumla ni tisa.

Kusawazisha kunapewa masaa mengi kuliko mengine kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanaanguka, na kosa lao ni lilelile. Wanapewa haidrojeni na oksijeni zinazotengeneza maji:

H2 + O2 → H2O

Wanaona oksijeni mbili upande wa kushoto na moja upande wa kulia. Badala ya kuweka namba mbele ya formula, wanabadilisha namba ndogo iliyo ndani yake na kuandika H2O2. Hesabu ya oksijeni inakubali, lakini hayo si maji tena. H2O2 ndiyo ile dawa inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Jibu sahihi ni hili:

2H2 + O2 → 2H2O

Hapa ndipo nguzo ya mbinu inapopata kazi. Katika previzio nyingi nguzo hiyo ina maneno yaleyale kutoka juu hadi chini: maelezo, maswali na majibu. Kwa somo la kusawazisha, mwalimu asiye na laboratwari anaweza kuandika: mahindi na maharagi. Kila mahindi ni atomu ya haidrojeni, kila haragi ni atomu ya oksijeni. Wanafunzi wanapanga mahindi mawili pamoja na haragi moja kuwa molekuli ya maji. Wakianza na haidrojeni moja na oksijeni moja, wanaona kwa macho kwamba haragi moja linabaki bila wenzake, na kwamba wanahitaji mahindi mengine mawili. Hakuna anayefikiri kulibandika haragi la ziada juu ya molekuli ya maji, maana tayari anajua maji yana haragi moja tu.

Kwa somo la uzito wa moli, mfano uko karibu na nyumba. Kaboni ina gramu 12 kwa moli na oksijeni gramu 16, kwa hiyo gazi ya CO2 ina gramu 44. Hewa ya kawaida ina karibu gramu 29. Mwanafunzi wa Goma anayefanya hesabu hiyo anapata sababu ya jambo analolijua tangu utotoni: mazuku inalala chini, kwenye mashimo na mabonde, na inaua mbuzi au mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Kwa somo la kiasi, makala ya jikoni yanatosha. Gramu 12 za kaboni zinahitaji gramu 32 za oksijeni ili ziungue kabisa na kutoa gramu 44 za CO2. Oksijeni ikipungua, kama katika chumba kilichofungwa, inatoka CO, gazi inayoua watu usingizini.

Intero ipime kilichofundishwa

Nguzo ya mwisho, ile ya kupima, ndiyo inayofichua previzio ya kunakili. Lengo linasema mwanafunzi aweze kusawazisha ekwasio, kisha intero inauliza: ekwasio ya kemia ni nini? Aliyekariri anapata pointi zote, na mwalimu anaendelea mbele akiamini darasa limeelewa. Lengo likiwa ni kusawazisha, intero itoe ekwasio nne au tano ambazo hazijasawazishwa. Angalau moja iwe ya aina inayovuta kosa lile la kubadilisha formula.

Siku ya intero nayo ina maana. Katika mfano wetu masaa matatu ya kusawazisha yanamalizika siku ya pili ya juma la tatu, na intero ya kwanza inafanyika siku ya tano ya juma hilohilo, kabla moli haijaanza. Juma la nne linaanza na kusahihisha. Iwapo katika wanafunzi 60 zaidi ya nusu wameshindwa, saa ya akiba inatumika hapohapo. Iwapo wengi wamefaulu, akiba inabaki hadi juma la sita na kuwa saa ya mazoezi. Kwa mpango huu mambo mapya yote yanamalizika kabla ya Noeli. Baada ya sikukuu kunabaki kukumbushana, intero ya pili, kuisahihisha na marudio.

Jambo hili lina uzito kwenye buleteni. Katika sekondari, makisima ya mtihani wa semestri ni sawa na makisima ya periodi mbili zikijumlishwa. Kemia ikiwa na pointi 20 kwa kila periodi, mtihani una 40, na semestri nzima ina 80. Nusu ya pointi inategemea siku moja, na mwanafunzi aliyepitishwa haraka katika sura ya mwisho analipa siku hiyo.

Shule zikifungwa katikati

Katika Kivu hakuna previzio inayoweza kujifanya haijui kufungwa kwa shule. Corona ilizifunga mwezi wa tatu 2020. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye wakaaji wengi wa Goma waliamriwa kuhama. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma na masomo yakasimama, wakati wa mwisho wa semestri ya kwanza. Migomo ya walimu nayo imekula majuma mengi katika miaka tofauti.

Tuseme katika mfano wetu shule imefungwa majuma matatu ya mwisho kabla ya Noeli. Masaa sita yamepotea. Intero ya kwanza ilikuwa imefanyika, lakini haijasahihishwa, na moli haijaanza. Kunabaki masaa matano hadi mtihani. Mwalimu anayetaka kumaliza kila kitu atabana kusahihisha, moli na kiasi katika masaa hayo, bila intero ya pili wala marudio. Hatajua ni nani ameelewa hadi karatasi za mtihani zirudi.

Njia yenye hasara ndogo ni kukata mwisho wa mnyororo na kuuandika ulipokatiwa. Saa moja inasahihisha intero na kukumbusha kusawazisha. Mbili zinaenda kwa moli. Moja inakuwa intero ya pili, na ya mwisho inaisahihisha na kurudia. Somo la kiasi, lenye masaa mawili, linahamishwa hadi juma la kwanza la semestri ya pili, na mtihani hauulizi swali lolote juu yake. Mabadiliko hayo yanaandikwa kwenye previzio yenyewe, kwa tarehe, na prefe anatia sahihi tena.

Wengine wanaogopa kufanya hivyo, wakidhani inspekta ataona wamechelewa. Lakini jurnali ya darasa, inayojazwa kila siku, tayari inaonyesha kilichofundishwa kweli. Previzio inayosema somo la kiasi lilimalizika mwezi wa kumi na mbili, huku jurnali haina mstari wowote wa majuma hayo, inajishtaki yenyewe. Kibaya zaidi, mwalimu wa mwaka unaofuata ataisoma na kuamini. Atajenga juu ya somo ambalo halikufundishwa, na pengo hilo litasafiri hadi Egzeta, ambayo haiulizi shule ilifungwa mwaka gani.

Mzazi anayetaka kujua hali ya somo la mtoto wake hahitaji kujua kemia. Achukue daftari la mtoto, ahesabu tarehe zilizoandikwa tangu periodi ianze, kisha atazame intero ya mwisho: je, maswali yake yanafanana na mazoezi yaliyo daftarini? Tarehe zikiwa chache sana, au intero ikiuliza tafsiri za maneno tu wakati daftari limejaa hesabu, ana swali la kumwuliza prefe siku ya kuchukua buleteni.