Gudwili: kampuni inapotangaza hasara bila hata baisa moja kutoka

Ndugu zetu mlioko Muscat, wengi mnatuuliza kuhusu kununua hisa, za hapa au za nyumbani. Swali linalorudi sana ni hili: kampuni ilikuwa na faida, hela benki ipo, mbona ghafla imetangaza hasara? Mara nyingi jibu limejificha kwenye mstari mmoja wa mizania unaoitwa gudwili.

Gudwili inazaliwa siku kampuni moja inapoinunua nyingine. Chukua mfano wa hapa hapa. Mwaka 2017 Omantel ilinunua karibu asilimia 22 ya Zain ya Kuwait kwa takriban dola bilioni 2.19, na sehemu kubwa ya hela hizo ilikuwa ya kukopa. (Zain ni ileile ambayo baadhi yenu mlitumia laini yake nyumbani kabla haijauzwa kwa Bharti mwaka 2010 na kuwa Airtel.) Anayenunua biashara kama hiyo halipii minara na magari tu. Analipia pia wateja waliopo na matumaini ya kesho. Ile ziada juu ya thamani ya mali zinazotambulika, ukishatoa madeni, ndiyo gudwili.

Tufanye hesabu kwa kampuni ya kubuni, tarakimu ziwe nyepesi. Kampuni yetu imenunua kiwanda cha matofali kwa riali milioni 100. Mali zake ukitoa madeni ni milioni 60. Basi gudwili ni milioni 40. Haipunguzwi kidogo kidogo kila mwaka kama gari linavyochakaa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 36, inataka ipimwe walau mara moja kwa mwaka: je, kiwanda bado kina thamani ya milioni 100 iliyoandikwa vitabuni?

Kipimo chenyewe ni makadirio. Tuseme kiwanda kinaingiza milioni 9 taslimu kila mwaka, bila kukua. Wenye mtaji wakiridhika na faida ya asilimia 9, thamani yake ni 9 gawanya kwa 0.09, yaani milioni 100. Salama. Sasa riba zipande. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, kwa hiyo Marekani ilipopandisha riba mwaka 2022 na 2023, Benki Kuu ya Oman nayo ilipandisha. Wenye mtaji wakidai asilimia 12, kiwanda kilekile, matofali yaleyale, thamani inakuwa 9 gawanya kwa 0.12, yaani milioni 75. Milioni 25 zimeyeyuka na lazima zifutwe kwenye gudwili.

Kama faida ya mwaka ilikuwa milioni 10, sasa ni hasara ya milioni 15. Hakuna hela iliyotoka. Lakini angalia upande wa deni. Tuseme kampuni inadaiwa milioni 120 na mtaji wa wenye hisa ulikuwa milioni 80: deni lilikuwa mara 1.5 ya mtaji. Mtaji ukishuka hadi 55, deni linakuwa karibu mara 2.2. Mkataba wa benki ukisema lisizidi mara 2, benki inaweza kudai mkopo wake mapema au kuongeza riba. Hapo sasa hela za kweli zinaanza kutoka, na gawio ndilo huwa la kwanza kukatwa.

Ila kuna mikataba inayolinganisha deni na faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kipimo hicho huwa hakiguswi na kufutwa kwa gudwili. Kwa hiyo kabla hujashtuka, jua benki inatumia kipimo kipi. Kinaandikwa kwenye maelezo ya mikopo, nyuma ya taarifa za fedha.

Kwenye maelezo hayohayo soma sehemu ya gudwili. Utaona kiwango cha riba kilichotumika na ukuaji unaotarajiwa. Sisi tunaanzia hapo kila mara, maana wakubwa wa kampuni ndio wanaochagua namba hizo, na hakuna bosi anayependa kutangaza kwamba alinunua ghali. Ukiona thamani ya hisa zote sokoni iko chini ya mtaji ulioandikwa vitabuni, na gudwili haijaguswa miaka mingi, uwe na wasiwasi. Soko limeshapima kabla yao.

Na kitu kimoja huwa kinawachanganya watu. Gudwili ikishafutwa hairudishwi tena, hata biashara ikipona. Mwaka unaofuata kampuni yetu itapata milioni 10 zake kama kawaida, vichwa vya habari vitasema imetoka kwenye hasara, na faida ikigawanywa kwa mtaji uliopungua itaonekana asilimia 18 badala ya 12 na nusu. Kiwanda bado kinaingiza milioni 9 zilezile.