Ukurasa Mmoja Shilingi Ngapi?

Shemeji yangu alipofungua steshenari jirani na shule ya sekondari pale Morogoro, alianza na printa ya katriji aliyoinunua kwa shilingi 150,000. Mashine ndogo, nyepesi, inaprinti rangi na inaskani. Wanafunzi walijaa tangu wiki ya kwanza, naye akawa anawatoza shilingi 200 kwa ukurasa. Baada ya miezi miwili akanipigia simu.

"Shemeji, wateja ninao, ila hela siioni. Kila nikikusanya kidogo, wino umeisha."

Nilipofika tulikaa na daftari lake la matumizi. Katriji nyeusi alikuwa akiinunua kwa shilingi 36,000, na maelezo ya mtengenezaji yanasema inatoa kurasa 120. Tukagawa 36,000 kwa 120, tukapata shilingi 300 za wino kwa kila ukurasa. Rimu ya karatasi 500 aliinunua kwa shilingi 12,000, yaani karatasi moja shilingi 24. Jumla 324. Kila aliyelipa shilingi 200 akaondoka na karatasi yake, alimwachia shemeji hasara ya shilingi 124. Wateja wakiongezeka, hasara nayo inaongezeka.

Hesabu hiyo fupi ndiyo inayopaswa kufanywa dukani kabla ya kutoa hela: bei ya wino gawa kwa idadi ya kurasa, kisha ongeza karatasi. Bei ninazozitaja hapa ni za mfano wetu. Weka za duka lako, njia haibadiliki.

Lakini idadi ya kurasa nayo ina masharti yake. Watengenezaji huipima kwa viwango vya kimataifa, wakichapa kurasa maalumu za majaribio mfululizo mpaka wino uishe. Kwa maandishi meusi, ukurasa wa kawaida huchukuliwa kuwa umefunikwa na wino takriban asilimia 5 tu. Hiyo ni kama barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe. Mtihani wenye mchoro wa moyo na mapafu, au tangazo la msiba lenye picha, hula wino mara kadhaa zaidi. Ukitaka kujua ukweli wako, siku unapoweka wino mpya fungua rimu mpya na uandike tarehe juu yake kwa kalamu. Wino ukiisha, hesabu karatasi zilizotoka. Namba hiyo ndiyo yako, kuliko ile ya mtengenezaji.

Nilimpeleka shemeji dukani akaone printa ya tangi. Muuzaji aliweka mezani chupa ya wino mweusi, ile ya Epson namba 103, mililita 65, ambayo hukadiriwa kutoa kurasa 4,500. Bei yake siku ile ilikuwa shilingi 36,000, sawasawa na katriji aliyokuwa akinunua. Shemeji aliishika chupa mkono mmoja na katriji yake tupu mkono wa pili, akanyamaza. Hela ni ile ile, lakini hii inatoa ukurasa kwa shilingi 8.

Tofauti inatoka kwenye namna biashara yenyewe ilivyopangwa. Printa ya katriji huuzwa rahisi, mwenye kiwanda akitegemea faida yake kwenye wino utakaorudi kununua. Printa ya tangi huuzwa ghali tangu mwanzo, kisha wino unakuwa rahisi. Ile ya dukani ilikuwa shilingi 600,000, yaani 450,000 zaidi ya ile ya kwanza. Kila ukurasa unaokoa shilingi 292. Gawa 450,000 kwa 292: ukishachapa kurasa kama 1,540, rimu tatu na kidogo, tofauti ya bei imekwisha kurudi. Kwa shemeji, anayechapa kurasa 700 kwa mwezi, hiyo ni miezi miwili na siku chache.

Aliinunua. Nilimtahadharisha mambo mawili. Chupa za kwanza huisha upesi, kwa sababu sehemu ya wino huenda kujaza mirija inayopeleka wino kwenye kichwa cha kuchapia. Hilo si ubovu. Pili, kila mashine inaposafisha kichwa, wino unaotumika hufyonzwa na sponji iliyo ndani. Baada ya muda mrefu sponji hujaa na printa hugoma, ikimtaka mwenyewe ampelekee fundi. Asiyejua hudhani imekufa, akaitupa.

Vipi leza? Watu wengi husema leza ndiyo rahisi kwa ukurasa, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Chukua tona ya HP 85A, iliyozoeleka sana kwenye printa ndogo za ofisi, inayokadiriwa kutoa kurasa 1,600. Ya kiwandani ikiuzwa shilingi 200,000, ukurasa ni shilingi 125. Ya kufanana nayo, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ikiuzwa shilingi 40,000, ukurasa ni shilingi 25. Kwa hiyo urahisi wa leza ndogo mara nyingi unatokana na tona isiyo ya asili. Si dhambi kuitumia, mradi uijue: ikianza kuacha mistari ya kijivu au vumbi jeusi linalofutika kwa kidole, umefika wakati wa kuibadilisha.

Leza ina sifa moja ambayo wino hauna. Tona ni unga mkavu wa plastiki, unaoyeyushwa na kugandishwa kwenye karatasi kwa joto. Haukauki, hata mashine ikae miezi mitatu. Wino wa maji hukauka kwenye matundu ya kichwa, matundu membamba kuliko unywele. Ukiwasha baada ya wiki kadhaa, unapata maandishi yenye mistari myeupe; unaamuru isafishe, wino unapungua; unaamuru tena, unapungua tena. Hapo ndipo katriji ya kurasa 120 huishia kutoa 60, na ukurasa wa shilingi 300 ukawa wa 600.

Ndiyo maana nyumbani kwangu nilichagua tofauti na shemeji. Sisi tunachapa kurasa 40 hivi kwa mwezi, kazi za watoto na barua, zote nyeusi, na likizo inapofika mashine inanyamaza. Kwa mwendo huo, tofauti ya bei ya printa ya tangi ingenichukua zaidi ya miaka mitatu kurudi, nayo ikinikaukia katikati. Nina leza ndogo, nilimpa fundi shilingi 450,000. Hata maji yakimwagikia barua, maandishi hayachuruziki.

Gharama yake nyingine ni umeme. Inapochapa huvuta mamia ya wati kwa sababu ya lile joto, wakati printa ya wino hutumia wati chache kama taa ya ndani. Kwa kurasa 40 LUKU haitakulilia, lakini usiichomeke kwenye betri ya UPS ya kompyuta, wala usiitegemee kwenye sola ndogo.

Kwa hiyo, kama unachapa kila siku, hasa kwa rangi, nunua ya tangi. Kama unachapa kidogo, mara mojamoja, tena nyeusi tupu, nunua leza. Ya katriji waachie wanaochapa kurasa chache kila wiki bila kukosa na hawana hela ya kuanzia. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutajie bei ya wino au tona ya mashine hiyo na idadi ya kurasa zake, kisha toa simu ugawe palepale kaunta.