Tairi Lililozidishwa Mzigo Hujipika kwa Ndani

Basi dogo laweza kubeba mzigo uleule mjini kwa juma zima bila tairi kupasuka, kisha siku ya safari ndefu likapasukiwa baada ya mwendo wa saa moja tu, barabara ikiwa laini na msumari usionekane popote. Wengi husema kwamba lami ilikuwa ya moto, au kwamba upepo ulichemka. Jua na lami huongeza joto kweli, lakini gari lililoegeshwa mchana kutwa juani halipasukiwi na tairi. Joto linaloua tairi huzaliwa ndani ya mpira wenyewe.

Kila sehemu ya tairi inapofika chini hubonyea kwa uzito wa gari, na inapoinuka hujinyoosha tena. Mpira haurudishi nguvu yote iliyotumika kuubonyeza. Sehemu yake hubaki ndani na kugeuka joto, kama vile waya unavyopata moto ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Tairi la basi dogo likienda kilomita 30 kwa saa huzunguka mara 4 hivi kwa sekunde. Likienda kilomita 100 huzunguka mara 13, na kila mzunguko huacha joto lake. Mpira nao hupitisha joto polepole sana, hivyo joto la katikati halipati njia ya kutoka upesi.

Hapo ndipo ilipo siri ya mji na barabara kuu. Mjini gari husimama kila mara, na tairi hupumzika. Katika barabara kuu hakuna pumziko, na joto hupanda kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla ya kufika kilele chake. Tairi zima hufika kileleni likiwa salama bado; tairi lililozidiwa huharibika njiani.

Tuseme ni tairi lililoandikwa ubavuni 195 R 15 C 106/104 R. Namba 106 maana yake ni kwamba tairi hilo, likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, huruhusiwa kubeba kilo 950, nayo herufi R huonyesha kikomo cha mwendo. Matairi mawili ya nyuma basi yana uwezo wa kilo 1,900. Ikiwa abiria wameongezwa vitini, magunia yamefungwa juu, na mizani ikaonyesha kilo 2,300 kwenye ekseli ya nyuma, kila tairi limebeba kilo 1,150, yaani 200 zaidi ya haki yake.

Lakini kilo 950 hutolewa kwa sharti la upepo kamili, ambao kwa tairi hilo ni kama 65 kwenye geji. Upepo ukiwa umeshuka hadi 50, uwezo wa tairi hushuka hadi kilo 770 hivi. Mzigo uliozidi kwa sehemu moja ya tano sasa umezidi kwa karibu nusu. Kwa tairi, upungufu wa upepo na wingi wa mzigo ni jambo moja: yote mawili huzidisha kubonyea, na kubonyea ndiko kunakozaa joto.

Mwendo ukizidi tena, hutokea jambo jingine ambalo dereva halioni. Mpira unaoinuka kutoka barabarani huhitaji muda mdogo wa kurudia umbo lake. Ukikosa muda huo, hurudi kwa kishindo, hupita mahali pake, na uso wa tairi hufanya mikunjo nyuma ya mahali panapogusa ardhi. Wataalamu huiita mawimbi yaliyosimama. Ni kama maji ya mto yapitayo juu ya jiwe: kilele cha wimbi hubaki palepale, ingawa maji yenyewe yanakwenda. Vivyo hivyo mikunjo hubaki mahali pamoja huku mpira ukipita ndani yake na kupindwa mara nyingi kwa mzunguko mmoja, badala ya mara moja. Joto huruka ghafla, na tairi laweza kuvunjika kwa dakika chache.

Tairi lenye upepo wa kutosha limekazwa kama ngozi ya ngoma, na wimbi hilo halitokei ila kwa mwendo mkubwa kupita ulioandikwa ubavuni. Upepo ukipungua na mzigo ukizidi, ngozi hulegea, na kikomo hicho hushuka kuelekea mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Hata hivyo matairi mengi hufa kabla ya wimbi kukamilika. Joto la ndani likipita nyuzi 120 hivi, mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma hudhoofika, kwanza kwenye mabega ambako mpira ni mnene, mpaka uso wa tairi ubanduke.

Jambo hilo lilionekana wazi Amerika. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kurudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari aina ya Ford Explorer, kwa sababu nyuso zake zilikuwa zikibanduka. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto na katika mwendo wa kasi. Kampuni ya magari ilikuwa imeelekeza upepo wa 26, na kampuni ya matairi baadaye ikataka 30. Kila upande uliulaumu mwingine, lakini Serikali ilihesabu vifo 271. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ndiyo iliyoleta, katika magari ya huko, taa ya kumwonya dereva kwamba upepo umepungua.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema. Dereva husimama njiani, hupima tairi la moto, hukuta 73 badala ya 65, akapunguza. Upepo uliotiwa asubuhi ukiwa na nyuzi 30 na kupanda hadi nyuzi 60 lazima uonyeshe 73. Hiyo ni hali ya kawaida. Akiutoa mpaka 65, kesho asubuhi tairi likiwa baridi atakuta 58 tu, na siku hiyo litabonyea zaidi na kupata moto zaidi. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari. Tairi lililopanda kupita kiasi hicho halidai kupunguziwa upepo, bali kupunguziwa mzigo na mwendo.

Dalili za hatari zipo. Kiti au usukani huanza kutetemeka kwa mpigo mmoja unaofuata mwendo wa gari. Harufu ya mpira uliochomeka husikika. Au tairi moja huwa la moto kuliko wenzake. Hapo mwendo upunguzwe taratibu, na gari lisimamishwe pembeni. Kulimwagia tairi maji hupoza ngozi ya nje tu. Katikati hubaki moto. Fundi akilivua tairi na kukuta ndani yake unga mweusi wa mpira, au mikunjo ubavuni, asilijaze tena, maana nyuzi zake zimekwisha kuvunjika na laweza kupasuka mikononi mwake.

Tairi likipasuka katika mwendo, dereva ashike usukani imara na kuuweka sawa, aondoe mguu kwenye mafuta, wala asikanyage breki kwa nguvu. Lakini anayekodi basi la arusi au la msiba anao uwezo wa kuzuia mapema zaidi: asome namba ya ubavuni, aulize upepo ulipimwa saa ngapi, na akubali magunia mawili yabaki nyumbani.