Maneno ya keki na bango la mstaafu

Chukua muuguzi wa zahanati ya serikali Tanzania anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Wenzake wanataka keki iandikwe: "Hongera Mama yetu mpendwa kwa utumishi wako uliotukuka, tutakukumbuka daima." Hayo ni maneno mengi mno, na nusu ya mwisho inafaa zaidi kwenye shada la msibani. "Pumzika kwa amani" ndiyo usiiguse kabisa, hata kama mnamaanisha usingizi wa asubuhi bila zamu.

Keki ya sentimita 25 hubeba vizuri mistari mitatu mifupi. Zaidi ya hapo herufi za krimu hubanana na kuungana. Basi keki iseme tu: "Asante Mama, zamu imekwisha!" Utani huo unamfaa muuguzi, kwa mwalimu, kengele ya mwisho ingefaa zaidi.

Jina kamili, kituo na miaka ya utumishi, mathalani 1991–2025, vipelekwe kwenye bango. Miaka hiyo ithibitishwe na mhusika mwenyewe, maana kumbukumbu za ofisi hupishana. Wageni wakikaa mita kumi mbali, jina liwe na herufi za sentimita kumi hivi.

Mpelekee mwoka keki maneno yenyewe peke yake, kwa maandishi. Maagizo ya rangi yakae ujumbe mwingine, la sivyo mtakuta keki imeandikwa "Asante Mama kwa rangi nyekundu". Mwombe picha kabla keki haijafungwa.