Friji ya Sh3,000 au ya Sh24,000 kwa mwezi? Jibu limo kwenye lebo

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Marangu wanaotafuta friji siku hizi hawalazimiki kushuka Moshi mjini kila mara. Muuzaji hupiga picha ya friji kwa simu, akaituma pamoja na bei, na mnunuzi akaanza kuomba apunguziwe. Mara nyingi mazungumzo huishia kwenye bei hiyo ya kununulia, ilhali friji ina bei ya pili ambayo hulipwa kila mwezi kupitia LUKU.

Bei hiyo ya pili inaweza kukadiriwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Vinavyohitajika ni vitu viwili tu, yaani picha inayosomeka ya lebo ya nishati iliyobandikwa kwenye friji, na risiti ya LUKU ya nyumba au duka ambako friji itawekwa.

Kwenye lebo, jambo la kwanza ambalo mnunuzi huliona ni rangi, herufi au nyota. Hizo hazimwambii atalipa kiasi gani. Herufi na nyota hulinganisha friji na nyingine za ukubwa na aina yake, kwa hiyo friji kubwa yenye alama nzuri inaweza kula umeme mwingi kuliko ndogo yenye alama ya chini. Kinachotakiwa ni namba iliyoandikwa karibu na herufi kWh. Kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ya LUKU.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu lebo hazihesabu kwa muda mmoja. Lebo ya Ulaya huandika kWh/annum, maana yake ni yuniti kwa mwaka mzima. Lebo ya China, ambayo hukutwa kwenye baadhi ya friji zilizotengenezwa huko, huandika kWh/24h, yaani yuniti kwa siku moja. Namba ya kwanza hugawanywa kwa 12 ili kupata ya mwezi, na ya pili huzidishwa kwa 30.

Chukua mfano wa familia ya Marangu Mtoni inayofuga ng'ombe wa ndani na kuuza maziwa nyumbani. Familia hiyo imetumiwa picha mbili. Lebo ya friji ya kwanza inasomeka 292 kWh/annum, na ya pili inasomeka 1.28 kWh/24h. Kwa kutazama tu, ya pili inaonekana haili umeme kabisa. Lakini 292 ikigawanywa kwa 12 ni yuniti 24 hivi kwa mwezi, wakati 1.28 ikizidishwa kwa 30 ni yuniti 38. Friji iliyoonekana nafuu ndiyo inayokula zaidi kwa zaidi ya nusu.

Hatua inayofuata ni bei ya yuniti. Katika viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1 alipangiwa Sh100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na Sh350 kwa kila yuniti inayozidi hapo. Kundi la T1, lenye nyumba zinazotumia umeme zaidi pamoja na maduka na biashara ndogo, lilipangiwa Sh292. Bei hizo hazijajumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Zikijumlishwa, yuniti ya D1 inakuwa Sh122, inayozidi 75 inakuwa Sh427, na ya T1 inakuwa Sh356.

Njia ya uhakika zaidi ni kuchukua risiti ya karibuni na kugawanya fedha iliyolipwa kwa yuniti zilizopatikana. Kama risiti imekata pia deni au kodi ya jengo, kiasi hicho kiondolewe kwanza. Mwenye kupata yuniti 8 na kitu kwa Sh1,000 yumo D1, na mwenye kupata 2.8 yumo T1. Risiti ikionyesha bei nyingine, hiyo ndiyo ya kutumia katika hesabu.

Tuseme familia yetu imo D1 na hutumia yuniti 45 kwa mwezi kwa taa, redio, televisheni na pasi. Bili yake ni karibu Sh5,500. Ikichukua friji ya kwanza, matumizi yatafika yuniti 69. Bado imo ndani ya 75, hivyo friji hiyo itaigharimu yuniti 24 kwa Sh122, ambazo ni karibu Sh3,000 kwa mwezi.

Ikichukua friji ya pili, matumizi yatafika yuniti 83. Yuniti 30 za mwanzo za friji zitalipiwa Sh122 kila moja, na nane zilizobaki zitalipiwa Sh427. Jumla ni karibu Sh7,100. Lakini hapo hesabu haijaisha. Mteja ambaye wastani wake wa mwezi unazidi yuniti 75 huhamishiwa T1, na huko kila yuniti, hata ya taa, hulipiwa bei ya T1. Yuniti 83 kwa Sh356 ni karibu Sh29,500. Ukiondoa Sh5,500 za zamani, friji hiyo imeiongezea familia Sh24,000 kwa mwezi.

Tofauti ya friji hizo mbili ni yuniti 14 tu, lakini kwa nyumba hii tofauti ya fedha ni Sh21,000 kila mwezi. Ndiyo maana kuzidisha yuniti za friji kwa bei ya yuniti hakutoshi kwa mteja wa D1. Ni lazima aanze na yuniti anazotumia sasa, ajumlishe za friji, kisha atazame kama amevuka 75.

Kwa mwenye duka ambaye tayari yumo T1, hesabu ni nyepesi. Hana mpaka wa kuvuka. Friji ya kwanza itamgharimu karibu Sh8,500 kwa mwezi na ya pili karibu Sh13,500.

Hata hivyo, namba ya lebo hupatikana kwenye maabara, friji ikiwa mpya. Lebo za Ulaya zilizotangulia zile za mwaka 2021 zilipimwa chumba kikiwa na nyuzijoto 25. Marangu iko juu mlimani na ni baridi kuliko Moshi mjini, kwa hiyo hali ya hewa peke yake haitaifanya friji ile kupita kiasi kilichoandikwa. Kinachopandisha matumizi ni kile kinachowekwa ndani.

Maziwa ndiyo mfano ulio karibu. Lita 10 zilizokamuliwa muda huo huo zina nyuzijoto 35 hivi. Kuzishusha hadi nyuzi 5 kunaitaka friji ya kawaida itumie karibu yuniti 0.2 zaidi kila siku, sawa na yuniti 6 kwa mwezi. Familia yetu iliyokuwa na yuniti 69 sasa imefika 75 kamili, na siku moja ya kupiga pasi nyingi itaivusha.

Dawa yake haina gharama. Chombo cha maziwa chenye mfuniko kikae kwanza kwenye beseni la maji ya baridi, na maji yabadilishwe yakishapata joto. Maziwa yakishuka hadi nyuzi 20 kabla ya kuingia kwenye friji, nusu ya kazi imeshafanyika, na zile yuniti 6 zinakuwa 3. Pia yagawanywe kwenye vyombo vidogo, kwa sababu friji ya nyumbani huchukua saa nyingi kupoza ndoo nzima, na maziwa yanaweza kuharibika katikati wakati ya pembeni yamepoa.

Zipo pia hila za picha zenyewe. Picha iliyopigwa kwa mbali inaweza kuficha nukta, na 1.28 ikasomeka 128. Friji ya kawaida ya nyumbani hula kati ya yuniti 12 na 40 kwa mwezi. Hesabu ikitoa yuniti 3 au 150, kuna kitu kimesomwa vibaya, hivyo muuzaji aombwe picha nyingine ya karibu.

Aombwe vilevile picha ya kibati chenye namba ya modeli, ambacho huwa ndani ya friji pembeni au nyuma yake. Namba hiyo ilingane na iliyo kwenye lebo. Kama hazilingani, lebo ni ya friji nyingine na haifai kwa hesabu yoyote.

Kibati hicho huandika pia wati, na baadhi ya wanunuzi huzizidisha kwa saa 24. Hilo ni kosa. Kompresa haifanyi kazi mfululizo, bali huwaka na kuzima kulingana na baridi iliyomo. Friji ya wati 100 ingekula yuniti 2.4 kwa siku kama isingezima. Ikiwa lebo inasema 292 kwa mwaka, ambazo ni 0.8 kwa siku, maana yake kompresa hufanya kazi kama saa nane tu kwa siku.

Kwa friji iliyotumika, lebo inaeleza ilivyokuwa siku ya kwanza. Mpira wa mlango uliolegea hupitisha joto na kuifanya kompresa isipumzike. Karatasi ibanwe mlangoni kisha ivutwe. Ikitoka bila ubishi, mpira hauzibi mahali hapo.

Kipimo cha mwisho ni mita ya LUKU yenyewe. Friji ikishakaa siku mbili, vyombo vingine vyote vizimwe saa 3 usiku na yuniti zilizobaki ziandikwe. Saa 12 asubuhi zisomwe tena kabla ya kuwasha kitu. Hizo ni saa tisa. Friji ya 0.8 kwa siku inatakiwa iwe imekula karibu 0.3. Kwa kuwa mlango haufunguliwi usiku, ya mchana itakuwa juu kidogo. Lakini mita ikionyesha 0.6, friji hiyo inakula mara mbili ya lebo yake. Kwa nyumba yenye yuniti 45 ni karibu yuniti 49 zaidi, na jumla yake ni 94. Ni vyema kupatana na muuzaji mapema kwamba kipimo hicho kitafanywa kabla ya kummalizia fedha yake.